Tunavyoagana kwenye simu ya video, Dar na Hamburg, bila mtu kulala na kilio

Mi niko Dar, mchumba wangu yuko Hamburg, ni nesi huko na anafanya kazi kwa zamu, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi kwa simu. Mchana hakuna shida, kila mtu ana mihangaiko yake, siku inaenda. Kilichokuwa kinatumaliza ni zile dakika tano za mwisho, haya kata, hapana kata wewe, si nilikata mimi jana, mpaka picha inaganda, mmoja anaishiwa bando au analemewa na usingizi, simu inakatika yenyewe katikati ya neno na wewe unabaki unaangalia kioo cheusi chenye sura yako. Hapo ndo machozi yalikuwa yanatoka, na mi nilidhani ni mapenzi tu yananizidi, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni kwamba hatukuwa na namna ya kuagana.

Naandika hapa tunachofanya sasa, hatua kwa hatua, kwa yeyote ambaye mwenzake anaongea lugha nyingine. Mifano yangu ni ya Kiswahili na Kijerumani kwa sababu ndizo ninazozijua, wewe weka ya kwako.

Hatua ya kwanza: saa iandikwe kwa tarakimu, miji yote miwili

Hii ndo iliyotugombanisha kuliko wivu. Sisi saa zetu tunahesabu kuanzia jua linapochomoza, yeye anahesabu kuanzia katikati ya usiku, hilo wengi wanalijua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba Mjerumani akisema „halb neun“ hasemi tisa na nusu, anasema nusu ya kuielekea tisa, yaani 20:30 kama ni usiku. Sasa fikiria, kaniambia tuongee halb neun, mi nikasikia neun nikajua ni tisa, nikaongeza nusu, nikapata 21:30 ya Hamburg, nikajumlisha saa moja ya tofauti ikawa 22:30 ya Dar, nikakaa zangu nasubiri saa nne na nusu. Yeye alikuwa ameshakaa mbele ya simu toka saa tatu na nusu yetu, amechana nywele, amewasha taa. Saa nzima. Nilipompigia alikuwa kimya kabisa na mi nikakasirika kwa nini kanuna, tukaagana vibaya usiku ule.

Halafu kuna hili la majira. Ujerumani wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, sisi hatusogezi. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Dar iko mbele kwa saa moja, miezi iliyobaki iko mbele kwa saa mbili. Kama miadi yenu ni saa tatu usiku ya Dar mwaka mzima, yeye wakati wa joto atapokea saa 20:00 na wakati wa baridi saa 19:00, na kama alikuwa ndo anatoka kazini hiyo saa moja inamkuta kwenye treni. Zile Jumapili mbili wekeni alamu kwenye kalenda za wote wawili, na siku hiyo mpangane upya nani anasogea.

Sisi tunaandika hivi, HH ni Hamburg, kila tukipanga, hata kama ni kesho tu:

```
HH 20:30 / Dar 21:30
```

Hakuna saa tatu, hakuna halb, hakuna „jioni jioni hivi“. Mstari huo mmoja unamaliza ubishi, na utauona tena huko mwishoni kwenye kuagana, kwa hiyo uzoeeni.

Hatua ya pili: anzieni sebuleni, malizieni chumbani

Nyumbani kwetu hakuna simu ya siri. Nikipiga niko sebuleni mama anapita, mdogo wangu anaingiza kichwa, jirani kaja kuazima chumvi na yeye anataka kumwona mzungu. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia chumbani nafunga mlango, mama akawa anaona kama anafichwa, na mwenzangu akawa hajui naishi na nani. Sasa tumegawa. Dakika kumi za kwanza ni za sebuleni, anasema „Shikamoo mama“, mama anaitikia „Marahaba baba, hujambo, baridi imepungua?“, basi imekuwa kama ada, siku asipoamkia mama anauliza kulikoni. Baada ya hapo nachukua simu naingia ndani, na hapo tuko wawili.

Salamu zenyewe zina lugha mbili hata kama maneno ni ya lugha moja. Mi nikifungua simu nauliza habari za kazi, za nyumbani, za uchovu, umekula? Yeye alikuwa anajibu swali la umekula kwa kutaja kila kilichokuwa kwenye sahani, na mimi asiponiuliza kama nimekula nilikuwa naona hanijali. Kaeni chini mwambiane haya. Nilimweleza kwamba umekula ni kumjali mtu, akanieleza kwamba kwao mtu anayeingia moja kwa moja kwenye stori hajakosa adabu. Tukakubaliana kila mmoja atoe salamu tatu, aulizwe kama kala, ndo stori zianze.

Simu isishikwe mkononi. Iegemeze kwenye kikombe au chupa ya maji, usawa wa macho, taa iwe mbele yako isiwe mgongoni, mkono ukichoka na uso unachoka. Kama bando ni dogo, kwenye WhatsApp ingia `Settings`, `Storage and data`, washa `Use less data for calls`, picha itapungua ubora ila sauti inabaki, na sauti ndo ya kuilinda. Pale pale kuna `Network usage` inayoonyesha simu zimekula kiasi gani, angalia kabla na baada ya simu moja utajua nusu saa yenu inagharimu nini kwenye bando lako, usipige kwa kubahatisha halafu likuishie mnapoagana.

Hatua ya tatu: mazito yasemwe mapema

Mambo ya hela, ya viza, ya ndugu waliougua, ugomvi wa jana, yote yaingie nusu ya kwanza. Jambo zito likitajwa dakika ya mwisho mtu analala nalo peke yake, hana wa kumuuliza, na asubuhi kila mmoja ameshaongezea ya kwake. Kama limekuja limechelewa, liandikeni kwenye karatasi, „kesho hili la kwanza“, na mlifunge hapo.

Na hapa naweka jambo ambalo nilichelewa sana kulijua. Nimekumisi nayo ni neno zito. Kijerumani wanasema „Du fehlst mir“, ukilifungua ni kama kusema wewe ndo unayepungua kwangu, yaani mi ni kitu kisichotimia. Ni zuri mno, ila likisemwa wakati wa kukata linafungua kidonda halafu daktari anaondoka. Sisi tunalisema mwanzoni tukishaingia chumbani, anasema „Du fehlst mir“, mi nasema nina hamu na wewe, tunakaa nalo kidogo, anayetaka kulia analia mwenzake akiwa bado yupo. Toka tumelihamisha kutoka mwisho kwenda mwanzo, mwisho umekuwa mwepesi, kama kuna kitu kimoja utachukua kwenye maelezo haya chukua hiki.

Hatua ya nne: kengele ya dakika kumi

Mmoja aweke alamu yenye mlio laini dakika kumi kabla ya muda wa kuagana. Ikilia hamkati, mnageuza tu. Stori mpya hazifunguliwi, mnapanga simu inayofuata na kuiandika kwa ule mstari wa miji miwili mkiwa bado mnaonana. Halafu kila mtu anasema kitu kimoja kidogo anachokwenda kufanya baada ya kukata, mi nakwenda kuchota maji ya asubuhi kabla hayajakatika, yeye anapaki chakula cha kesho. Linaonekana dogo ila linasaidia, kwa sababu ule utupu baada ya simu unatokana na mwili kutojua uende wapi. Ukishataja maji, miguu inajua.

Hatua ya tano: maneno yenyewe

Hapa ndo nataka nikae, maana neno la kuaga linaweza kutuliza au kukwaruza na mwenye kulisema asijue.

Mwenzangu alijifunza „kwaheri“ kwenye kitabu cha watalii akawa ananiambia kila usiku, kwa upole kabisa, „kwaheri mpenzi“. Mi kila nikilisikia tumbo linakata. Sisi mtu anayekuambia kwaheri mpenzi usiku amekuacha, kesho asubuhi unamuona na mwingine. Kumwambia ilichukua miezi miwili kwa sababu nilimuonea huruma alivyojitahidi. Tiba ilikuwa kuongeza maneno mawili, „kwaheri ya kuonana“, hapo limeshakuwa na mlango wa kurudia. Na „buriani“ asiiguse kabisa, hiyo ni ya kuagana moja kwa moja, ya mtu anayeomba radhi kabla ya safari isiyo na kurudi.

Na kwao yapo hivyo hivyo. „Leb wohl“ ni ndugu yake buriani, usiseme hata kama unaona tafsiri yake ni ishi vizuri. „Auf Wiedersehen“ ni sawa ila ni ya dukani na ofisini, ukimwambia mpenzi wako ni kama umemuita bwana mkurugenzi. „Auf Wiederhören“ maana yake mpaka tutakaposikizana tena, ukiiona unaweza kudhani imeumbwa kwa ajili yetu watu wa simu, ila nayo ni ya kuongea na benki. „Mach's gut“ ni nzuri, kama kumwambia mtu ujitunze, ila inafaa zaidi mtu mnayeachana naye siku kadhaa, kila usiku inaumiza kidogo.

Tunayotumia sisi yamebeba kitu kimoja, yanaelekea mbele. Kijerumani kina neno fupi „bis“, ni mpaka yetu, na nyuma yake unaweka wakati. „Bis morgen“ (tamka bis mogen) ni mpaka kesho. „Bis Freitag“ ni mpaka Ijumaa. „Bis gleich“ (bis glaish) ni mpaka punde, hii itumie kama unajua utapiga tena ndani ya muda mfupi, usiiseme usiku ukalala, maana atasubiri. Kwetu ni „tuonane kesho“, na kama nyumbani kwenu ni watu wa kusema inshallah basi semeni, mwenzangu ameizoea na anajua haina maana ya labda.

Baada ya wakati linakuja neno la mwili, kwa sababu hamwezi kugusana. „Ich drück dich“ (ish druk dish) ni nakukumbatia nakubana, wanasema sana kwenye simu. Mi namjibu „nimepokea“, kama mtu aliyeletewa mzigo, na najikumbatia mwenyewe kidogo aone.

La mwisho ni la usingizi. „Schlaf gut“ (shlaaf guut), „lala unono“. Akitaka kurefusha anaongeza „Träum was Schönes“ (troim vas shenes), uote kitu kizuri, mi naongeza „ndoto njema“. Ile „ich“ usijisumbue sana, ukitamka ish wanakuelewa.

Sasa siri iko kwenye nani anasema lugha gani. Kila mtu anaaga kwa lugha ya mwenzake. Yeye ananiambia „lala unono“, mi namwambia „Schlaf gut“. Kwanza ukitamka lugha isiyo yako lazima uende taratibu, kwa hiyo hakuna anayeropoka kwaheri huku anashika simu kukata. Pili, sauti ya mwisho unayolala nayo ni ya mtu aliyehangaika kutamka neno la kwenu. Na mdomo ukikosea mnacheka, mkacheka mwishoni mnalala mmecheka.

Hatua ya sita: salamu yenye jibu, na jibu ndo linakata

Hii nilipata kwa marehemu bibi yangu wa Tanga. Wazee wa pwani usiku wakiagana mmoja anasema „alamsiki“, mwingine anaitikia „binuru“, na akishaitikia imeisha, hakuna mtu anarudi mlangoni mara ya pili. Mi nikaona hicho ndo kilichokosekana kwetu, salamu yenye jibu lake, kwa sababu kata wewe kata wewe inatokea pale ambapo hakuna anayejua neno la mwisho ni lipi.

Basi tumechukua kama ilivyo. Anayesema alamsiki anabaki kimya anaangalia kamera, anayeitikia binuru anahesabu pumzi moja, anatabasamu, anakata. Wiki hii anakata yeye, wiki ijayo mimi, zamu zinabadilika Jumapili. Zamu ni muhimu kwa sababu anayekatiwa ndo anayebaki na kioo cheusi, isiwe mmoja tu kila siku. Na mkiangaliana pale mwisho angalia tundu la kamera, sio uso wake kwenye kioo, ukiangalia uso yeye anaona umeinamisha macho. Mkipenda Kijerumani tu, „Bis morgen“ na jibu „Ich freu mich“ (ish froi mish, yaani naisubiri kwa furaha) inafanya kazi ile ile, almradi jibu liwe moja na lisiongezewe.

Net ikikata kabla hamjaagana

Itakata. Kubalianeni mkiwa mmetulia. Sisi sheria ni hii, aliyepiga ndo anarudia, anajaribu mara mbili, ikishindikana ndani ya dakika tano kila mmoja anatuma voisi moja yenye mambo matatu tu, wakati wa kesho, Ich drück dich au nakukumbatia, na alamsiki au binuru kulingana na zamu. Voisi inafika hata kama net inasuasua, itaingia ikipata nafasi. Kilichokuwa kinatokea zamani ni kupigiana wote kwa pamoja, kila mtu anamkuta mwenzake yuko bize, dakika kumi baadaye kila mmoja anaamini kakatiwa makusudi.

Jioni moja ilivyokwenda

Chukua Jumanne moja ya Februari, Dar iko mbele kwa saa mbili. Yeye kesho yake anaingia zamu ya alfajiri, lazima alale mapema, miadi ni HH 20:00 / Dar 22:00 na tuna dakika arobaini na tano. Dakika kumi za kwanza mama bado yuko macho, shikamoo, marahaba, mama anamwambia avae soksi. Naingia chumbani, naegemeza simu kwenye jagi. Anasema „Du fehlst mir“, siku hiyo alikuwa amempoteza mgonjwa wodini na huko jua lilikuwa halijaonekana siku kadhaa, akalia, mi sikuongea sana nilikaa naye. Af tukaongea cheti changu cha Kijerumani cha A1, maana hicho ndo tunakihitaji kwa viza ya kuungana, akaniuliza maswali ya kujitambulisha, jina, umri, nchi, unapoishi, lugha, kazi, mapumziko, na kutaja herufi za jina moja moja, nikakwama kwenye J kama kawaida yangu maana wao wanaiita yot.

20:35 yake alamu ikalia. Tukaandika HH 19:00 / Dar 21:00 ya Alhamisi, kwa sababu Jumatano ana mkutano. Nikamwambia nakwenda kuosha jagi, akasema anapanga viatu vya kesho mlangoni. „Bis Donnerstag“, nikasema mimi. „Tuonane Alhamisi“, akasema yeye, alhamisi yake bado inatoka ikiwa na kha nzito ya Kijerumani na sitaki aibadilishe. „Nakukumbatia“, akasema. „Ist angekommen“, nikajibu, yaani imefika. „Schlaf gut.“ „Lala unono.“ Wiki hiyo kukata ilikuwa zamu yake, nikasema alamsiki, akavuta pumzi, binuru, kioo kikazima, saa tano kasorobo, nikaenda kuosha jagi.